Debe Lenye Kichwa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Ukitunza stoo ya shule ya bweni, halafu iwe ni miaka ile ya Hali ya Hatari, halafu iwe ni huko Waithaka ambako kila uzio ulikuwa na macho, utashuku tu. Nilikuwa nawashuku panya, nikamshuku na paka aliyeletwa kuwamaliza, maana alinenepa haraka mno. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, akilala kwenye nyumba za kampuni kule mjini, nami nikilala shuleni. Alipenda kuniambia kwamba nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuona funguo za mlango.

Shule yenyewe ilikuwa ya wasichana, mia moja na ishirini, chini ya masista kutoka Ulaya. Sista mzee aliyeshika jiko tangu mwanzo alikuwa anapima kwa jicho. Akiona sufuria inatosha, inatosha. Mwezi ukiisha na unga umebaki, tunamshukuru Mungu. Ukiisha unga na mwezi umebaki, tunakula viazi. Huyo akaugua, akarudishwa kwao, akaletwa mwingine, kijana, mwembamba, mwenye penseli sikioni kama seremala.

Sista huyu mpya alikuja na gramu. Sisi tulijua ratili na wakia, ndivyo mzani wetu mkubwa wa stoo ulivyoandikwa, na ndivyo duka lilivyotuuzia. Yeye kwao hawajui ratili. Alikuwa amekuja na mzani wake mdogo wa kilo, akauweka chumbani mwake juu ya meza. Wiki yake ya kwanza akanikalisha hapo akanifundisha, kwa Kiswahili kile cha kitabuni ambacho kila neno limevaa viatu.

"Kila msichana apate gramu mia tano za unga kwa siku," akasema. "Mia moja ya uji wa asubuhi, mia mbili ya ugali wa mchana, mia mbili ya ugali wa jioni. Wasichana mia na ishirini, hizo ni kilo ngapi?"

Nikamwambia kilo sitini.

"Kwa siku thelathini?"

Kilo elfu moja na mia nane. Na gunia la unga lilikuwa la ratili mia mbili, ambazo ni kilo tisini na ushee kidogo. Tukagawa. Magunia ishirini kwa mwezi, kamili, na ule ushee tukawaachia panya. Maharagwe gramu mia na hamsini kwa kila msichana, yaani kilo kumi na nane kwa siku, mia tano na arobaini kwa mwezi, magunia sita. Niseme kweli, nilifurahi. Nilipenda namna vile vipunje vilivyopimwa kwa mtoto mmoja vilivyopanda taratibu mpaka vikawa magunia yanayojaza lori. Nikajiwazia, sasa mwizi amepatikana. Mwizi gani, sikujua bado, lakini mtu wa hesabu kama hizi hawezi kuibiwa.

Kwa maharagwe kazi ilikuwa rahisi. Gunia moja ni siku tano, basi nilikuwa nikifungua gunia nalimwaga kwenye sufuria tano sawasawa, kila siku na sufuria yake. Unga haukugawika vizuri hivyo. Kwa hiyo siku moja Sista akachukua debe chumbani mwake, akajaza unga, akapima peke yake, akaona debe ni kilo kumi na mbili. Madebe matano ni kilo sitini. Akaandika karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika ndani ya mlango wa stoo: UNGA KWA SIKU, MADEBE MATANO YALIYOJAA.

Aliyejaza madebe hayo kila asubuhi ni mpishi wetu mkuu, mama wa pale pale Waithaka, ambaye watu wote tulimwita Mama Jiko. Mimi aliniita Mama Stoo. Alikuwa mwanamke mnene wa mikono, mpole wa sauti, na mumewe alikuwa amechukuliwa na serikali, akawekwa kizuizini, hatujui wapi. Watoto wake watatu walikuwa na bibi yao ng'ambo ya bonde. Aliruhusiwa kuwaona Jumapili, na barua ya ruhusa mkononi, na lazima awe amerudi kabla ya jua kutua. Mimi ni mtu wa magharibi, kwetu ni Maragoli, kwa hiyo askari wa getini waliniacha nipite. Yeye walimpekua hadi kwenye nywele.

Nilisimama mlangoni na ufunguo kiunoni, yeye akateka unga kwa karai, akamimina, akamimina, nami nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka tano. Hakuna siku niliyohesabu vibaya. Hilo naliapia hata leo.

Mwezi wa kwanza unga ukaisha siku tatu kabla ya mwezi kuisha.

Sista alitazama sakafu tupu, akanitazama mimi, akatoa penseli sikioni akairudisha. "Haiwezekani," akasema. Tukala viazi siku tatu, na wasichana wakanung'unika kwa Kiingereza.

Mtu wa kwanza niliyemkamata, moyoni mwangu, ni mwenye duka. Duka lilikuwa mjini, nyuma ya soko kubwa, la Mhindi mmoja mzee aliyeuza nafaka kwa jumla na ambaye alikuwa ananipa chai ya tangawizi kila nikienda. Chai yenyewe niliishuku siku zote. Mtu hakupi chai bure. Basi mwezi wa pili ulipoanza nilipanda lori la shule mimi mwenyewe, tukashuka na barabara ya Ngong, tukapita kando ya Kilimani na bustani zake za Wazungu zinazonyweshwa maji wakati sisi tunachota mtoni, tukaingia mjini. Nikakataa chai. Nikasema leo kila gunia litapanda mzanini mbele yangu.

"Mama naona mimi mwizi?" mzee akauliza.

"Naona gunia," nikamwambia. "Wewe sijakuona bado."

Makuli wake wakapandisha magunia ishirini, moja moja. Mia mbili na mbili, mia mbili na mbili, mia mbili na tatu. Ratili mbili ni za gunia lenyewe, unga mia mbili juu ya alama. Walipomaliza, mzee akanimiminia chai, na safari hii nikainywa, maana sikuwa na uso wa kukataa. Njiani nikamgeukia dereva kwa macho, lakini dereva hakushuka hata kukojoa. Tulipofika nikayapima tena kwa mzani wetu. Yote yalikuwa sawa.

Mwezi huo wa pili unga ukaisha tena siku tatu kabla. Siku zile zile tatu. Nikapiga hesabu: ni magunia mawili kasoro kidogo, kama mwezi wa kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mwizi wa kawaida huiba kwa tamaa, leo kingi, kesho kidogo, na akipata nafasi hubeba hata maharagwe. Huyu wetu aliiba unga tu, kila mwezi kiasi kile kile. Huo ulikuwa wizi wa mtu mwenye watu wa kulisha.

Sikuwa peke yangu kuwaza hivyo. Shule ilikuwa karibu na mstari wa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na amri ya serikali ilikuwa kwamba chakula kisitoke ovyo, kisije kikafika kwa wapiganaji waliojificha msituni. Aliyepatikana akiwapelekea watu wa msituni chakula hakuulizwa mara mbili. Sista aliniita akafunga mlango.

"Ukipungua mara ya tatu," akasema, "sitaweza kunyamaza. Nitalazimika kumwambia afisa wa wilaya. Nikinyamaza, watafunga shule yote."

"Utamwambia nini, Sista?"

"Kwamba unga wa magunia mawili hutoka, na sijui ni nani. Wao watajua ni nani. Hata kama si yeye."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi niliamini msemo huo kuliko nilivyoamini watu. Nikaanza kumchunguza Mama Jiko. Nilinusa kikapu chake. Jumapili moja nilimsimamisha getini, mbele ya askari, nikasema nimepoteza kisu cha stoo, nikaufungua mfuko wake wa nguo. Nilikuta ndizi mbili na fulana ya mtoto. Akaikunja fulana upya, akapita.

"Kisu umepata?" akaniuliza jioni aliporudi.

"Bado."

"Tafuta vizuri, Mama Stoo. Stoo yako ni kubwa." Akaendelea kusonga ugali wake, na sikujua kama ananicheka au ananionya.

Nilimpenda, hilo ndilo liliniudhi. Ingekuwa namchukia, mambo yangekuwa mepesi. Nilikuwa nikimwona anavyokwangua sufuria ili mtoto wa mwisho kwenye foleni asipate cha chini, kilichoungua, na papo hapo nikajiuliza, mtu mwenye huruma hivi akisikia kuna wenye njaa huko juu msituni, atalala kweli?

Mwezi wa tatu afisa hakungoja kuambiwa. Nadhani getini walisikia manung'uniko ya viazi wakayabeba. Alikuja wiki ya mwisho, asubuhi, wakati Mama Jiko ameshika karai na mimi nimesema "mbili." Alikuwa kijana mwekundu wa jua, na askari wawili nyuma yake, mmoja mrefu, Mkamba, mwenye bunduki. Hakusalimu.

"Gunia iko ngapi?" akauliza.

Akahesabu mwenyewe. Palikuwa na moja lililofunguliwa na mawili mazima, na mwezi ulikuwa umebakiza siku saba. Sista alikuja mbio, shela imepinda, na alipoulizwa inatakiwa mangapi hakuweza kudanganya. Karibu matano, akasema. Afisa akamgeukia Mama Jiko.

"Wewe kaa chini."

Akakaa chini, juu ya sakafu ya unga, miguu imenyooka mbele kama wanavyokalishwa watu kwenye msako. Karai bado alikuwa amelishika.

"Bwana yako iko wapi?"

"Serikali ndio inajua, bwana. Ilichukua yeye."

"Na unga? Nani nachukua?"

"Unga inaliwa na watoto, bwana. Mimi hapana jua ingine."

Askari wa pili akatoa kamba. Sio pingu, kamba tu, ya katani, ya kufungia mizigo. Nikaiona kamba ile, na ghafla nikawa na hasira, na wala si kwa afisa. Nilikasirishwa na hesabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni miezi mitatu! Kama huyu mwanamke aliiba, aliiba mbele ya macho yangu, na macho yangu si ya kuibiwa. Nikayatazama maharagwe kwenye kona. Gunia la nne lilikuwa limeisha siku ya ishirini, siku ile ile lilipotakiwa kuisha, na jioni yake nilifungua la tano nikaligawa kwenye sufuria zake tano; asubuhi hii zilibaki mbili, kama zilivyotakiwa. Maharagwe hayakupungua hata punje. Hapa palikuwa na mlango mmoja, ufunguo mmoja, mpishi mmoja. Ni kitu gani kinachogusa unga na hakigusi maharagwe?

Debe. Nilikuwa nimeshuku kila chenye miguu, nikasahau kisicho na miguu.

"Sista," nikasema, "hili debe lina kasoro. Nadhani ni kubwa kuliko lile ulilopima."

"Ni lile lile," akasema Sista. "Nina alama yangu hapa chini."

"Basi tulipime tena, mbele ya bwana."

Afisa alitaka kukataa, lakini Sista alikuwa Mzungu mwenzake na sauti yake ilikuwa imepanda. Nikaweka debe tupu juu ya mzani wetu: ratili mbili na nusu. Sista akamwambia Mama Jiko, "Inuka. Lijaze."

Akainuka. Akajaza kama siku zote. Karai baada ya karai, mpaka unga ukafika ukingoni, kisha akalipiga debe ubavuni kwa kiganja ili unga ushuke, kisha akaongeza, na kuongeza tena, mpaka juu ya ukingo pakasimama kilima kizuri kilichochongoka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Imejaa," akasema.

Mzani ukasema ratili thelathini na mbili. Toa debe, unga ni ishirini na tisa na nusu. Sista akachezesha midomo akihesabu kwa kilo, na uso wake ukabadilika.

"Lakini umepita! Hili limezidi!"

"Sista umeandika yajae," akasema Mama Jiko, akionyesha karatasi ya mlangoni. "Hii ndio kujaa."

Sista akachukua mti wa ufagio, akaulaza juu ya ukingo, akafuta kile kilima chote kikaanguka ndani ya gunia. Unga ukabaki bapa kama meza. Akapima: ishirini na tisa. Toa debe, ishirini na sita na nusu. Kilo kumi na mbili, barabara.

"Hivi ndivyo kujaa!" akasema, karibu analia. "Mpaka ukingoni!"

Nami nikalitazama lile debe lililofutwa, na Mungu ananiona, kwa macho yangu lilikuwa halijajaa. Sokoni kwetu, mama akikupimia mahindi hivyo, unamwachia mahindi yake na unamwambia akawauzie wageni. Debe lina kichwa. Bila kichwa ni debe lililopunguzwa. Ndiyo maana nilisimama pale kila asubuhi, mimi mshukuji wa washukuji, nikahesabu vilima vitano na nisione kitu.

Afisa alikuwa bado anatutazama sisi wanawake kama watu wanaomchezea. Kisha, sijui kwa nini, akamgeukia yule askari mrefu.

"Wewe. Hii debe iko full?"

Askari akainama, akatazama lile debe bapa kwa makini, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Bado, bwana."

"Bado?"

"Bado kidogo." Na bila kuambiwa akatundika bunduki begani, akachota unga kwa viganja viwili, akapiga debe ubavuni, akaongeza, mpaka kilima kikarudi. "Sasa," akasema.

Sista alikuwa tayari anaandika kwa chaki ukutani. Ratili tatu za ziada kila debe. Kumi na tano kwa siku. Kwa siku ishirini na saba, mia nne na tano, magunia mawili na vumbi lake. Aliipigia mstari mara mbili. Afisa akasoma, akasoma tena, akavua kofia akajipepea. Yule wa pili akakunja kamba yake akaitia mfukoni. Hawakumwomba Mama Jiko radhi. Watu wale hawakuwa na neno hilo katika Kiswahili chao. Walipotoka, Mama Jiko akaegemea magunia, nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia kitu, nikasema tu, "Pole, mama." Akasema ahsante. Nililia, sikujificha.

Unga wote ule, magunia yote yale, ulikuwa umeingia matumboni mwa wasichana. Kila mmoja alikuwa akila kama gramu mia tano na hamsini badala ya mia tano, na ndiyo maana mashavu yao muhula ule yaling'aa.

Kesho yake karatasi ya mlangoni ikabadilishwa: MADEBE MATANO, YAFUTWE KWA MTI. Nikamletea Mama Jiko fimbo nzuri iliyochongwa. Akaitazama, akanirudishia.

"Mimi mtoto ya watu sipimii hivyo," akasema. "Futa wewe."

Basi nikawa nafuta mimi. Kila asubuhi yeye alijaza mpaka kilima kikasimama, akageuka upande wa pili asione, na mimi nikapitisha fimbo, kilima kikarudi guniani. Magunia ishirini yakafika siku thelathini, kama Sista alivyosema tangu mwanzo, na Sista akafurahi. Lakini ugali ulikuwa umepungua, na wasichana si vipofu. Wiki ya pili niliwasikia kwenye foleni wakinong'ona kwamba Mama Stoo ana mume mjini, fundi wa reli, anakula vizuri sana siku hizi. Mmoja akaniuliza waziwazi kama ni kweli nina duka. Nikamfukuza na mwiko.

Ningeyavumilia hayo, watoto ni watoto. Ila asubuhi moja, nimemaliza debe la tano na nafunga gunia, nikasikia Mama Jiko amesimama nyuma yangu. Alisema polepole, kwa upole, kama mtu anayemshauri dada yake aache jambo kabla halijafika kwa wakubwa.

"Mama Stoo, mimi sitasema kwa mtu. Lakini niambie mimi peke yangu. Hii vichwa unakata kila siku, unauza wapi?"